Nilifuta seva, sasa 7.20 imegeuka 50.31

*"Nilikuwa nimekodi seva ndogo ya ofisi yangu kwa 12 kwa mwezi, kampuni ya nje. Tarehe 18 Aprili nikaifuta, nikaondoa na kadi yangu kwenye akaunti, nikajua tumemalizana. Juzi nimepata barua ya kampuni ya kukusanya madeni, ya tarehe 16 Julai. Wanasema ankara ya 7.20 haikulipwa na sasa wanataka 50.31! Nikijaribu kuingia kwenye akaunti naambiwa imezuiwa. Huduma kwa wateja wananijibu niongee na wakusanyaji. Na humo humo kwenye akaunti ndimo ilimo domeni ya ofisi, inayoishia .com. Nilipe 7.20 tu, nilipe yote, au niwapuuze kwa kuwa kiasi chenyewe ni kidogo? Nataka liishe kabisa."*

Usiwapuuze, lakini pia usilipe leo. Kabla hujatoa hata senti kuna mambo ya kuhakikisha, kwa sababu pesa ikienda mahali pasipo pake, au ikifika pungufu, deni dogo kama hili linaweza kubaki wazi na kuanza safari upya. Nimefanya kazi idara ya ankara ya kampuni iliyokuwa ikikodisha seva, na wateja wa namna yako nimewaona wengi. Hawakuwa matapeli. Waliondoka wakidhani wameshafunga hesabu.

Nianze na hiyo 7.20, maana lazima ujue kama ni halali. Seva za namna hii kwa kawaida hulipiwa baada ya kutumika. Mfumo unahesabu saa au siku ambazo seva ipo, halafu mwezi ukiisha ndipo ankara inatoka. Ulipoifuta tarehe 18 Aprili ulisimamisha kuhesabiwa kwa siku zinazofuata, lakini zile 18 za mwanzo zilikuwa zimeshahesabiwa na bado hazijaandikiwa ankara. Chukua 12, zidisha kwa 18, gawa kwa siku 30 za Aprili, unapata 7.20 kamili. Kwa hiyo hawajakubambikia. Hiyo ni ankara ya mwisho, na ilitoka mwanzoni mwa Mei, wakati kadi yako haipo tena kwenye akaunti. Mfumo ulitafuta pa kukata pesa ukakosa.

Watu wengi huondoa kadi wakiamini kwamba ndiyo njia ya kujikinga na makato ya baadaye. Kadi ni njia ya kulipia tu. Ukiiondoa, ankara inabaki vilevile, ila sasa haina pa kulipwa. Utaratibu salama ni kufuta huduma, kusubiri ankara ya mwisho, kuilipa, na baada ya hapo ndiyo kuondoa kadi. Kwako limeshapita, ila nalitaja kwa sababu huenda una huduma nyingine ulizoziacha kwa mtindo huohuo.

Sasa jiulize: mbona hukupata ukumbusho hata mmoja? Angalia ulijiandikisha kwa barua pepe ipi. Kama ni anwani ya ofisi iliyokuwa ikipokelewa na seva hiyohiyo uliyoifuta, basi kumbusho zote zilitumwa kwenye mashine ambayo haipo tena. Mfumo wa barua wa mtumaji hujaribu kwa siku kadhaa, kisha hukata tamaa na kurudisha taarifa kwamba imeshindikana kufika. Taarifa hiyo inarudi kwenye kikasha ambacho mara nyingi hakisomwi na mtu, kwa kuwa kumbusho zenyewe hutumwa na mashine. Upande wao rekodi inasema ukumbusho wa kwanza umetumwa, wa pili umetumwa, mteja kimya. Hili linaeleza hasira iliyomo kwenye barua uliyopata, lakini halikupi utetezi mkubwa. Masharti ya kampuni nyingi yanasema ni wajibu wa mteja kuwa na anwani inayofikika, na wao waliandika kwenye anwani uliyowapa wewe.

Hapo katikati hakuna mtu aliyekaa akaamua kukuandama. Siku ya mwisho ya kulipa inapita, mfumo unatuma ukumbusho. Siku kadhaa baadaye unatuma wa pili, mara nyingi ukiwa na ada ya ukumbusho. Kisha unaizuia akaunti, na mwisho, deni likifikisha umri fulani, linaingia kwenye orodha inayotumwa kwa wakusanyaji. Mfumo hauangalii kama ni 7.20 au 7,200. Kampuni nyingine zina kiwango cha chini ambacho chini yake deni husamehewa kimyakimya, nyingine hazina, na yako inaelekea haina.

Kuzuiwa kwa akaunti nako kuna maana finyu kuliko watu wanavyodhani. Lengo ni kukuzuia usianzishe huduma mpya wakati unadaiwa. Tatizo ni kwamba alama hiyo huwekwa juu ya mteja mzima, na hivyo inafunga hata ukurasa wa ankara, ambao ndio ungekuwezesha kulipa. Mhudumu anayekujibu anaiona alama hiyo kwenye skrini yake na mara nyingi hana kitufe cha kuiondoa. Akikwambia ongea na wakusanyaji, anasoma alichoandikiwa. Unayemtafuta wewe ni idara ya ankara, na karibu kila ankara ya zamani huwa na anwani yao ya barua pepe chini kabisa. Ipo hata kwenye ankara ya Machi uliyoilipa bila shida.

Kwanza, hakikisha barua ni ya kweli

Barua za madeni za uongo zipo, na zinafanya kazi kwa sababu mtu akiona kiasi kidogo anaona bora alipe apumzike. Yako ina dalili nzuri: inataja ankara halisi yenye kiasi ambacho hesabu yake inakubali. Hata hivyo, mwenye taarifa zako zilizovuja anaweza kujua hayo pia. Kwa hiyo usitumie kiungo, namba ya simu wala akaunti ya benki iliyomo kwenye barua hiyo mpaka uwe umeuliza upande wa pili. Mwandikie mtoa huduma kupitia anwani iliyoko kwenye ankara ya zamani, muulize swali moja: je, deni la ankara namba fulani mmelikabidhi kwa kampuni hii, na je, bado ni lenu au mmeliuza?

Sehemu ya mwisho ya swali hilo ndiyo watu husahau, na ndiyo inayoamua ulipe wapi. Kuna wakusanyaji wanaofanya kazi kama mawakala, yaani deni bado ni la kampuni ya seva na wao wanatumwa kulidai. Na kuna wanaonunua deni likawa lao. Likiwa bado la kampuni ya seva, malipo utakayoilipa kampuni hiyo moja kwa moja yanahesabika, ingawa wakala anaweza kuendelea kudai gharama zake. Likiwa limeuzwa na umeshajulishwa, ukimlipa mdai wa zamani unaweza kujikuta bado unadaiwa na mpya, huku ukihangaika kurudishiwa ulichotoa.

Wakati unasubiri jibu, wakusanyaji nao waandikie barua fupi. Usikiri deni wala usilikane. Sema umeipokea barua yao, unaomba nakala ya ankara, mchanganuo wa kila kiasi, na uthibitisho kwamba wana mamlaka ya kudai. Omba wasimamishe hatua nyingine mpaka wajibu. Ukiwa na maandishi hayo yenye tarehe, huwezi kuambiwa baadaye kwamba ulikaa kimya. Kama barua yao inataja siku ya mwisho ya kupinga, iheshimu. Marekani, kwa mfano, sheria ya madeni ya watu binafsi ya mwaka 1977 inampa mdaiwa siku 30 tangu apokee taarifa kupinga kwa maandishi, na akipinga ndani ya muda huo mkusanyaji anapaswa kusimamisha ukusanyaji mpaka amletee uthibitisho. Sheria hiyo haihusu madeni ya biashara, na nchi nyingine zina taratibu zao.

Ivunjevunje hiyo 50.31

Kwenye barua za namna hii kiasi kikubwa huandikwa kwa wino mzito na mchanganuo hufichwa chini kwa herufi ndogo. Tukirudi nyuma kutoka 50.31, mgawanyo unaoelekea kuwa wako ni huu: deni lenyewe 7.20, ada ya ukumbusho 5.00, riba 0.11, na gharama za ukusanyaji 38.00. Linganisha na barua uliyonayo. Kila kimoja kina hukumu yake.

Deni lenyewe tumeshaliona, ni halali. Riba tunaweza kuipima. Ikiwa siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa 15 Mei, mpaka 16 Julai ni siku 62. Kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, 7.20 inazaa takriban 0.11. Ni sawa, na hata isingekuwa sawa nisingepoteza muda nayo. Ada ya ukumbusho fungua masharti ya huduma uone kama imeandikwa. Ikiwa imo, ilipe. Ikiwa haimo, uliza wameitoa wapi.

Ugomvi wa haki uko kwenye ile 38.00. Hapo ndipo penye faida ya mkusanyaji, na hapo ndipo sheria zinapotofautiana sana. Kuna mahali gharama hizo zina kikomo kisheria, mahali pengine zinadaiwa tu kama mkataba uliziruhusu. Jambo jingine linalobadilisha hesabu ni kama ulijiandikisha kama mtu binafsi au kama biashara. Umesema seva ilikuwa ya ofisi. Katika Umoja wa Ulaya, maagizo ya mwaka 2011 kuhusu ucheleweshaji wa malipo baina ya biashara yanampa mdai haki ya fidia ya angalau euro 40 kwa ankara iliyochelewa, hata kama ankara yenyewe ni ndogo. Kama kampuni yako ya seva iko huko na akaunti ilikuwa kwa jina la ofisi, kupigana na hiyo 38.00 ni kazi ngumu. Kama ulijiandikisha kwa jina lako binafsi, kinga ya mlaji inaweza kukusaidia zaidi. Basi kabla hujaandika neno "napinga", tafuta ankara ya zamani uone jina lililoandikwa juu.

Na kuhusu kulipa 7.20 tu: ukiituma kwa wakusanyaji bila makubaliano, kuna hatari ya kwamba haitagusa deni lenyewe. Kanuni inayotumika mahali pengi ni kwamba malipo pungufu huanza kufidia gharama, kisha riba, na mwisho deni. Yaani 7.20 yako itaingia kwenye ile 38.00, na ankara itabaki haijalipwa hata kidogo, ikiendelea kuzaa riba. Nimewahi kuona mteja akilipa kidogo kidogo kwa uaminifu kabisa huku ankara ya awali ikiwa haijaguswa.

Njia ambayo ningejaribu kwanza

Mtoa huduma anaweza kulirudisha faili kutoka kwa wakusanyaji, kama deni bado ni lake na kama bado halijafika mahakamani. Halazimiki, lakini hufanya hivyo mara nyingi kuliko wateja wanavyodhani, hasa mteja akiwa na historia ya kulipa vizuri na akija na pesa mkononi badala ya malalamiko. Iandikie idara ya ankara, kwa lugha ya ankara zao, kitu cha namna hii:

> Ankara namba (andika), 7.20, ya Aprili. Seva ilifutwa 18 Aprili. Kumbusho hazikunifikia kwa sababu barua pepe iliyoko kwenye akaunti ilikuwa ikipokelewa na seva hiyo iliyofutwa. Anwani yangu ya sasa ni hii ninayoandikia. Niko tayari kulipa leo ankara na ada ya ukumbusho, jumla 12.20, kama mtalirudisha faili kutoka kwa wakusanyaji na kunithibitishia kwa maandishi kwamba hakuna kitakachodaiwa zaidi. Naomba pia taarifa kamili ya akaunti yangu, pamoja na huduma yoyote ambayo bado inahesabiwa.

Sentensi ya mwisho usiiache. Kufuta seva hakufuti kila kilichokuwa pembeni yake. Nakala rudufu, diski za ziada na anwani ya IP uliyoihifadhi huwa ni huduma zinazojitegemea, na zinaweza kuendelea kuhesabiwa kwa viasi vidogo kila mwezi. Mtu anamaliza kulipa ya Aprili akijipongeza, kisha ya Mei na Juni zinampata kwa njia ileile. Kwa kuwa huwezi kuingia kwenye akaunti ukajionea mwenyewe, lazima wakuambie wao, na kama kuna kitu bado kinahesabiwa waombe wakifute siku hiyohiyo.

Wape siku chache za kazi. Wakikubali, lipa 12.20 yako kwa njia watakayokupa. Wakikataa au wakisema deni limeuzwa, hamia kwa wakusanyaji.

Kwa wakusanyaji una chaguo mbili za kweli. Ya kwanza ni kulipa yote 50.31. Inauma, lakini kwa mtu ambaye deni lake ni halali, akaunti ni ya biashara na ana domeni iliyonasa, mara nyingine ndiyo nafuu ukihesabu na saa zako. Ya pili ni kutoa pendekezo: unalipa deni, ukumbusho, riba na sehemu ya gharama, kwa mkupuo mmoja, wao wanafunga faili. Wanapenda pesa ya mkupuo kwa sababu kila barua inayofuata inawagharimu. Ukichagua hii, makubaliano yaje kwa maandishi kabla ya malipo, na yaseme wazi kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote, pamoja na gharama. Ahadi ya simu haina thamani, na faili likihamishwa kwa mtu mwingine hata kumbukumbu yake haitakuwepo.

Ya tatu ambayo watu huniuliza ni kupuuza. Kwa 7.20 huenda hakuna atakayekushtaki. Lakini kuna nchi ambazo mkusanyaji hahitaji kesi kamili. Anaomba amri ya malipo kwa fomu, na mahakama inaitoa bila kuchunguza kama deni ni la haki. Ujerumani ina utaratibu huo, na mdaiwa ana wiki 2 tu za kuweka pingamizi tangu akabidhiwe amri hiyo. Muda ukipita bila pingamizi, mdai anaweza kuomba hati ya utekelezaji, na gharama za hatua hizo zinaongezwa juu ya deni.

Pesa yenyewe ifike kamili

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu nimeona mafaili mengi yakifunguka tena kwa senti chache tu. Ukituma pesa benki kwa benki kwenda nchi nyingine, benki za katikati zinaweza kujikatia ada njiani. Unatuma 50.31, inafika 44.00, mfumo wa wakusanyaji unasoma malipo pungufu na faili linabaki wazi. Fomu ya benki ina sehemu ya kuchagua nani anabeba ada. `SHA` maana yake mnagawana, na hapo anayepokea anaweza kupata pungufu. `OUR` maana yake ada zote unazibeba wewe. Chagua `OUR`, au uliza kama wanapokea kadi kwenye ukurasa wao, ambako kwa kawaida kiasi hufika kama kilivyo. Ikiwa ada ya benki inakaribia kuwa kubwa kuliko deni, kadi ndiyo njia ya akili.

Namba ya kumbukumbu ya faili iandike kama ilivyo kwenye barua, bila kuongeza jina la ofisi wala salamu, na hakikisha ni namba ya faili na si namba ya mteja ya zamani. Malipo yasiyo na namba sahihi huingia kwenye kapu la pesa zisizojulikana ni za nani, na zinaweza kukaa humo wiki nzima huku barua nyingine ikiwa njiani. Lipa kutoka akaunti yenye jina lako au la ofisi. Weka risiti.

Kitu kimoja usikiguse kabisa: ukiwa umelipa kwa kadi, usiende baadaye kuiambia benki irudishe malipo hayo kwa sababu una hasira na ile 38.00. Kwenye mifumo mingi ya seva, malipo yaliyorudishwa kwa nguvu kupitia benki huhesabika kuwa kosa zito kuliko kuchelewa, na akaunti iliyozuiwa kwa sababu hiyo mara nyingi haifunguliwi tena.

Karatasi ya kufunga, akaunti na domeni

Risiti inathibitisha kwamba ulilipa. Haithibitishi kwamba hudaiwi. Baada ya malipo kufika, waombe wakusanyaji barua inayotaja namba ya faili, namba ya ankara, tarehe ya malipo, na maneno kwamba deni limelipwa lote na faili limefungwa. Kama kwenye barua zao walitaja kwamba wanatoa taarifa kwa taasisi za rekodi za mikopo, waulize kama waliripoti deni lako. Kama waliripoti, rekodi lazima isasishwe isomeke kwamba limelipwa. Kuifuta kabisa ni jambo jingine, na si kila mahali wanalazimika. Barua hiyo itunze pamoja na mikataba ya ofisi, maana deni lililouzwa hutokea likauzwa tena kwa orodha ambayo haikusasishwa.

Nakala yake itume kwa idara ya ankara ya kampuni ya seva na uombe mambo mawili: salio lisomeke sifuri, na akaunti ifunguliwe. La kwanza ni haki yako. La pili ni hiari yao, kwani kampuni inaweza kukataa kufanya biashara na mteja fulani hata akiwa amelipa kila kitu. Wakikataa, usifungue akaunti mpya kwa jina la mfanyakazi au barua pepe nyingine. Mifumo yao hulinganisha kadi, namba ya simu, anwani na hata mashine unayotumia, na ukikamatwa hiyo ya pili itaondoka na chochote utakachokuwa umeweka humo. Nenda kwingine. Vilevile usitegemee kupata data ya seva uliyoifuta mwenyewe, kwa kuwa hiyo kwa kawaida hufutwa mara moja na haihusiani kabisa na deni.

Domeni ni habari tofauti, na hapa una nguvu kuliko unavyofikiri. Domeni zinazoishia .com ziko chini ya kanuni za kuhamisha domeni za ICANN, shirika linaloratibu majina ya domeni duniani. Msajili, yaani kampuni uliyosajilia domeni, anaruhusiwa kukataa uhamisho kwa sababu zilizoorodheshwa, na mojawapo ni kutolipwa kwa ada ya usajili wa domeni hiyo yenyewe. Ankara ya seva haimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo kama ada ya domeni ulishailipa, huna haja ya kusubiri akaunti ifunguliwe. Andika barua ya pekee, isiyotaja ugomvi wa seva, uombe domeni ifunguliwe kufuli na upewe namba ya siri ya kuhamishia. Kanuni hizo zinampa msajili siku 5 za kalenda kukupa njia ya kufanya hivyo mwenyewe au kukupa namba yenyewe. Asipojibu, mtajie kanuni hiyo kwa jina na umwambie utapeleka malalamiko ICANN, ambako kuna fomu ya bure kwenye tovuti yao. Nimeona majibu yakiharakishwa sana na sentensi hiyo moja. Domeni za nchi, zile zinazoishia kwa herufi mbili, hazimo katika mpango huu na kila moja ina msimamizi wake.

Kabla ya yote hayo, leo hii, angalia domeni inaisha lini. Taarifa hiyo iko wazi kwa mtu yeyote, tafuta kwenye `lookup.icann.org`. Kama imebaki miezi kadhaa, endelea kwa utaratibu niliokueleza. Kama imebaki wiki chache, geuza mpangilio: shughulikia domeni kwanza na ukubali kulipa yote 50.31 bila mabishano ikiwa ndiyo njia ya haraka ya kufunguliwa, kwa sababu akaunti iliyozuiwa inaweza kushindwa kuhuisha domeni, na ikiishia mikononi mwa mtu mwingine hakuna barua itakayoirudisha.

Mwisho, kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Ukipokea karatasi yenye muhuri wa mahakama, hata ya nchi nyingine, mwone mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria wiki hiyohiyo ukiwa na bahasha yake, kwa kuwa tarehe uliyoipokea ndiyo inayoanza kuhesabu siku za kupinga. Fanya hivyo pia kama deni si lako, au kama ni la miaka mingi iliyopita. Deni la zamani linaweza kuwa limepita muda wa kudaiwa mahakamani, na katika nchi nyingi malipo madogo au kukiri kwa maandishi huuanzisha muda huo upya. La kwako ni la miezi mitatu, kwa hiyo hilo halikuhusu. Nenda na ankara ya Machi, ankara ya Aprili, barua ya 16 Julai pamoja na ukurasa wake wa nyuma, na majibu yote uliyopewa na huduma kwa wateja. Mwanasheria akiwa na karatasi hizo mezani ataweza kukwambia kwa haraka kama ile 38.00 inapigika.